Miaka 11 ya ndoa, neno "nisamehe" halijamtoka hata mara moja. Ni kiburi au ni nini?

CherehaniPemba (mleta uzi)
Asalaam alaykum wanajukwaa. Mie niko Ole, Pemba. Nashona nyumbani, mume wangu ana shamba la mikarafuu la urithi na pikipiki ya abiria. Watoto watatu. Si mlevi, hapigi, matumizi anatoa. Lakini tukikosana haanzi yeye kutaka radhi. Hajawahi, na huu ni mwaka wa 11.

Nitoe kisa kimoja, msije mkasema naongea juu juu. Msimu uliopita tulikuwa na karafuu majamvi manne uwanjani, siku ya tatu ya jua, bado kidogo zikauke. Yeye kaenda Chake. Mie niko ndani na mtoto mdogo anaungua homa, nampangusa kwa kitambaa cha maji. Mvua ikashuka ghafla. Nilipotoka, majamvi mawili yameshalowa chapachapa. Zile karafuu baadaye zikatoka rangi ya weupe-weupe, zimesinyaa, kituoni zikaingia daraja la chini. Aliporudi neno lake la kwanza: "Nilikupigia simu, hukupokea." Simu ilikuwa chumbani inachaji. Hakuuliza mtoto vipi.

Tukanuniana siku tisa. Siku ya pili kaja na changu wawili, kawatundika kwenye msumari wa mlango wa jikoni, kaenda zake. Nikasema kwa sauti asikie: "Samaki hawasemi." Siku ya nne nikajishusha mimi: "Nisamehe kwa kutosikia simu, lakini na wewe ulijua mtoto anaumwa." Akanijibu: "Basi umekubali mwenyewe." Siku ya sita akamwambia mtoto, "Mwambie mamako chai ya leo imekaa sawa." Nami nikamwambia mtoto, "Mwambie babako akitaka kusema na mimi anajua nilipo." Siku ya tisa ugomvi ukajifia wenyewe, hakuna aliyesema kitu.

Baadaye kaka yangu akanambia kuwa bwana mwenyewe alimhadithia: aliona mawingu tangu yuko Chake, akaendelea kukaa barazani. Kwa hiyo anajua. Na mpaka leo kimya.

Sasa msimu umeingia tena na karafuu ziko majamvini. Nikiona wingu moyo unanienda mbio, na si kwa ajili ya mvua.

YakheDarajani
Waalaykum salaam. Dada, mwanamme akileta kitoweo siku ya pili ya ugomvi, huyo keshataka radhi. Ulitaka akuandikie barua? Babangu sijamsikia siku hata moja akimwambia mama "nisamehe", na walikaa pamoja mpaka mauti yakawatenga.

UkhtiFuoni
Yakhe, na mamako uliwahi kumuuliza yeye aliona vipi? Au uliona wamekaa pamoja ukajua wamekaa vizuri?

Dada Cherehani, siku tisa hukusemeshwa nyumbani kwako, na mtoto mgonjwa? Nenda kwenu. Akikufuata atakuwa kajifunza.

CherehaniPemba
Ukhti, sijaja kutafuta njia ya kuondoka. Ningetaka kuondoka ningeshaondoka mwaka wa pili. Nataka kumfahamu.

MtambweMuscat
Jamani, mie niko Oman lakini ni mtu wa Mtambwe, karafuu nimezianika tangu mdogo. Hapa pana jambo halijakaa sawa. Karafuu za siku ya tatu zikipigwa na mvua mara moja haziharibiki namna hiyo. Unazichuja maji, unazitandaza palepale zipate hewa, ukumbini au hata kwenye veranda, asubuhi jua. Zitapungua kidogo tu. Zinazotoka weupe-weupe na kusinyaa ni zile zilizorundikwa mbichi au na unyevu zikapata joto. Dada, mlizifanyaje usiku ule?

KijanaWaMichenzani
Mtambwe, mada ni ndoa, si kilimo 😂

MtambweMuscat
Najua mada. Lakini kaleta kisa cha karafuu na mimi kisa nakiona kina kasoro.

CherehaniPemba
Mtambwe umenigusa pahala. Nimekaa na swali lako tangu jana usiku.

Tulizikusanya mimi na mtoto mkubwa kwenye magunia mawili, tukayaweka ukumbini ukutani. Nilikuwa na hasira, nikasema moyoni huyu si ndiye mwenye karafuu, atazitandaza mwenyewe. Yeye aliporudi akayaona magunia. Akayapita. Nahisi na yeye alisema kwa vile sikupokea simu basi nizitandaze mimi. Yalikaa pale usiku ule, na siku ya pili mchana kutwa kulikuwa na mawingu, na usiku wa pili. Siku ya tatu nilipotia mkono ndani ya gunia, ndani mna moto kama mkate ulioumuka. Harufu imebadilika.

Kwa hiyo si mvua. Ni sisi. Mwaka mzima tumekuwa tukigombania simu.

BiSomoJangombe
Mwanangu, umesema neno kubwa na umelisema mbele za watu. Mungu akulipe.

Mimi nimekuwa somo wa maharusi zaidi ya miaka 30 hapa mjini. Zamani tukimfunda mwari tunamwambia mwanamke ndiye nguzo, yeye ndiye anayeshuka kwanza, akijishusha nyumba inasimama. Nilikuwa nikisema hivyo bila wasiwasi. Sasa sisemi tena hivyo moja kwa moja, kwa sababu nimewaona wale walioshuka kila mara. Hawakupata amani, walipata kuzoewa. Na wengine wakatafuta ulimi mwengine: anavaa kanga yenye jina la kumchoma mume, anapita nayo mbele yake mara tatu. Kanga inasema lakini haijibu, na mume naye hawezi kuijibu kanga. Hapo ndipo ununaji unapoota mizizi.

MnunajiMwenyewe
Nimesoma uzi wote. Mie ni mwanamme, niko Wete, na mie ndiye mume wa namna hiyo. Si mumewe huyu dada, msije mkaanza kunitafuta.

Nataka kusema inavyokuwa ndani. Mke wangu anadhani najiona mkubwa. Siku ya kwanza ya ugomvi najua fika nimekosa. Neno liko kwenye ulimi. Lakini kila nikitaka kulitoa naona tayari kile kitakachofuata. Nikisema "nimekosa" leo, mwezi wa pili tukigombana kwa jambo jengine, nitaambiwa "hata zile karafuu ulikubali mwenyewe". Na kweli niliambiwa. Mara mbili nilijaribu, mwaka wa kwanza na wa tatu wa ndoa, na zote mbili zilirudi kwangu kama ushahidi. Tangu hapo nikafunga.

Na kuna la zamani zaidi. Nikiwa na miaka 8 nilivunja kioo cha taa ya kandili nyumbani. Mkubwa mmoja akasema atakayesema kweli hatopigwa. Nikasema. Nilipigwa mie peke yangu, na wenzangu waliokaa kimya wakaenda kucheza. Mwili haukusahau somo lile.

Kwa hiyo nanunua samaki. Nafunga nati ya bomba inayovuja. Hayo ndiyo maneno yangu. Akiyakataa, nakaa kama mtu aliyetoa mkono ukaachwa hewani.

UkhtiFuoni
Mnunaji, nakushukuru kwa ukweli wako. Lakini na mkeo naye hajui kama nati ya bomba ni "nisamehe". Anajua bomba limepona.

NasahaVuga
Salaam. Nimefanya kazi ya ushauri nasaha wa ndoa kwa muda. Nitarudi kwenye zile siku tisa za mleta uzi, kwa sababu kaziandika vizuri na jibu limo mlemle.

Watu wengi tukisoma tunaona mke alijaribu mara moja na mume hakujaribu kabisa. Mimi nahesabu majaribio matatu ya kupatana. Changu wawili, la mume. "Nisamehe kwa kutosikia simu", la mke. Na ile chai iliyokaa sawa, la mume tena. Mawili kati ya matatu yametoka kwa huyu anayesemwa haanzi. Yote matatu yakafa, na kila moja lilikufa kwa mkono wa mpokeaji.

La samaki lilikosa neno, na mke alikuwa na kiu ya neno, kwa hiyo akalirudisha. Alidhani anampa mume alama, mume akasikia hukumu. La mke likaja na "lakini" katikati. Neno hilo mtu mwenye hofu ya lawama hasikii tena kilicho kabla yake, anasikia mashtaka tu, naye akajitetea kwa kuchukua nusu ya kwanza akaifanya ushahidi: "umekubali mwenyewe". La chai lilipita kwa mtoto, likarudishwa kwa mtoto.

Kuna mtafiti Mmarekani, John Gottman, aliyewachunguza wanandoa miaka mingi kwenye Chuo Kikuu cha Washington, akiwapima hadi mapigo ya moyo wanapogombana. Aliona kuwa wanandoa wanaodumu nao wanagombana. Lililowatofautisha zaidi ni kama majaribio haya madogo yanapokelewa, hata yakiwa yametolewa vibaya. Na aliona mapigo yakipanda zaidi ya 100 kwa dakika mtu hawezi tena kusikiliza, anahitaji angalau dakika 20 za kutulia bila kulirudia jambo kichwani. Mume aliyeingia nyumbani akaona majamvi yamelowa, na mke aliyetoka kwa mtoto wa homa, wote wawili hawakuwa na masikio saa ile.

YakheDarajani
Si nilisema! Samaki ni radhi.

NasahaVuga
Yakhe, uko sawa nusu. Samaki ni kuanza. Radhi ni pale unapokiri kitu mahsusi ulichofanya. Mleta uzi kapata kuanza, hajapata kukiri. Vyote viwili ni haki yake.

MzeeWaShehia
Nimekaa miaka mingi kwenye baraza la kumshauri sheha, mkoa wa kusini Pemba. Kesi za wanandoa zinaanzia kwetu kabla hazijafika kwa Kadhi. Zamani nilikuwa nikiuliza, "Nani kaanza?" Nilipoteza miaka kwa swali lile. Mume anataja la juzi, mke anataja la mwaka juzi, mwisho tunafika kwenye siku ya harusi, mahari ilipochelewa.

Sasa naambia kila mmoja anihadithie siku ile saa kwa saa, kwa sharti la kutotaja alichofanya mwenzake. "Saa nane nilikuwa wapi, nikaona nini, nikafanya nini." Kama Mtambwe alivyomuuliza dada habari ya usiku wa magunia. Kosa lililojificha hujitokeza lenyewe hapo, na mara nyingi si lile waliloligombania.

UkhtiFuoni
Mzee, kwa heshima, kwa nini asipeleke kwenu? Qur-ani imesema aletwe mwamuzi kutoka jamaa za mume na mwamuzi kutoka jamaa za mke. Suratun Nisaa, aya ya 35.

MzeeWaShehia
Aya ni hiyo, binti yangu. Lakini imeanza na "mkihofia mfarakano baina yao". Hawa hawajafika pale. Na kwa mtu anayeogopa lawama, ukimkalisha mbele ya kaka wa mke na ami yake, umemwongezea mahakimu. Nimewaona wakikiri barazani kwa aibu ya watu, kisha nyumbani wanalipiza miezi sita kwa kimya.

AbuSwafiyya
Ndugu zangu, mbona hatutaji Hadithi? Haijuzu kununiana zaidi ya siku tatu. Wao wamefika tisa. Mume ana dhambi.

BiSomoJangombe
Abu, isome yote. Mtume (S.A.W.) kasema haimhalalikii Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, wakikutana huyu anageuka huku na huyu anageuka kule, na mbora wao ni yule anayeanza kwa salamu. Wanageuka wote wawili, Abu. Usimtie mmoja kwenye dhambi.

Na tazameni neno lenyewe. Anayeanza kwa *salamu*. Hakusema anayeanza kwa kukiri. Miaka yote nimewafunda watu bila kulitia akilini hili. Unaweza kuanza bila ya kuamua bado nani kakosa.

MnunajiMwenyewe
Bi Somo, hilo nimelichukua. Kama ningejua mke wangu ataipokea salamu tupu, nikasema "Asalaam alaykum, umeshindaje" na asinijibu "leo ndio umeniona?", ningeanza kila siku.

CherehaniPemba
Na mie ndiye niliyejibu hivyo hivyo, "leo ndio umeniona". Si mara moja.

Lakini naomba niseme na mimi. Naona uzi unageuka, sasa kosa ni langu la kupokea vibaya. Nimepokea vizuri miaka mingapi kabla sijachoka? Mwaka wa kwanza nilikuwa nikifurahi akileta hata muwa. Mtu akikulipa kwa samaki kila mara, unafika pahala unataka neno.

UkhtiFuoni
Ndicho nilichokuwa nasubiri mtu aseme. Hofu, hofu, hofu. Na madaraka je? Kutotaka radhi kunampa mtu raha ya kuwa juu.

NasahaVuga
Ukhti hajakosea. Kuna utafiti wa watafiti wa Australia, uliochapishwa 2013, ulioona kuwa watu waliokataa kutaka radhi walijihisi wana nguvu zaidi na hata kujithamini zaidi. Ukaidi una malipo yake ya papo hapo. Kwa mke, hofu na kiburi kwa nje vinafanana, zote ni kimya.

Mimi huwa nauliza mambo mawili. Kwanza, baada ya ugomvi kupoa, kitendo chenyewe kinabadilika au kinajirudia? Mwenye hofu hubadili kitendo kimyakimya hata kama hasemi. Pili, anawataka radhi watu wengine? Asiyemwambia mtu yeyote duniani ni mwoga wa neno. Anayewaambia wote isipokuwa mkewe, hapo nawaza cheo.

CherehaniPemba
La pili linaniumiza. Mwezi uliopita alichelewa kumpeleka ami yake hospitali. Nimesikia kwa masikio yangu kwenye simu: "Niwie radhi ami, kosa langu." Hata dakika haikufika.

UkhtiFuoni
Basi jawabu ndilo hilo.

MnunajiMwenyewe
Si lazima, Ukhti. Ami anakata simu, jambo limeisha. Ami halali na kosa lako. Mke anajua makosa yangu yote tangu siku ya harusi, nikimpa jengine analiweka kwenye sanduku lilelile. Na yeye ndiye ninayetaka anione mtu mzuri. Ami anione vyovyote.

UkhtiFuoni
Kwa hiyo anayependwa zaidi ndiye anayenyimwa zaidi? Nisamehe, siwezi kulikubali hilo. Naona linafanana na maneno ya mtu aliyekwishajisamehe.

NasahaVuga
Kipimo changu hakikati kama kisu, nakiri. Nimewaona wote wawili, wa namna ya Mnunaji na wa namna anayoisema Ukhti, na wapo walio nusu kwa nusu.

MmakunduchiHalisi
Huku kwetu tuna dawa. Mwaka Kogwa, kila mwezi wa Julai, watu wanapigana kwa magogo ya migomba, kusini na kaskazini, vinyongo vya mwaka mzima vinatoka. Baadaye chakula na ngoma. Wapemba njooni.

KijanaWaMichenzani
Umtie mtu na mkewe pale na gogo la mgomba? 😂

MmakunduchiHalisi
Wanawake hawapigani, wanapita wakiimba, na nyimbo zenyewe zina makombora yake. Nasema tu kuwa wazee waliona kinyongo kinahitaji siku yake na mlango wake wa kutokea, na siku hiyo hakuna anayeulizwa nani kakosa.

SalmaWaChwaka
Jamani nina swali linalofanana. Wangu mimi ananitumia ule ujumbe wa kila mwaka: "Ramadhani inakaribia, nisamehe kwa niliyokukosea kwa kujua na kutojua." Ule ule aliowatumia watu wa kundi lake la mpira. Nao ni radhi?

AbuSwafiyya
Ni radhi, kwa nini isiwe? Kataja kujua na kutojua, kamaliza yote.

BiSomoJangombe
Kamaliza yote na hakugusa hata moja. Salma, mwanangu, usiukatae ujumbe, ni mlango. Lakini muulize kwa upole: "Katika hayo ya kujua, nitajie moja tu." Moja. Ukitaka mawili atafunga.

SalmaWaChwaka
Asante Bi. Nitajaribu, japo nasubiri Ramadhani ifike 🙂

MtambweMuscat
Nami niseme langu. Kwangu asiyeanza ni mke. Nikimuuliza anasema kwao mama yao alikuwa akitaka radhi kwa kila kitu, hata chumvi ikizidi, na baba yao alizidi kuwa mkali. Akaapa hatokuwa mama yake. Kwa hiyo jamani msiseme ni mambo ya wanaume.

NasahaVuga
Dada Cherehani, ukipenda, jambo dogo la kufanya. Usilete ugomvi wote. Chukua ile siku, umpe saa maalumu mapema ili asishtukizwe, na useme mwanzo kuwa husemi la kumkumbusha baadaye. Anza na kosa lako lisilo na "lakini". Kisha uliza swali ambalo wewe kweli hulijui jawabu lake. Na akisema chochote, hata kidogo, usikirudishe. Kitakachoamua ni ugomvi unaofuata: ukilitumia alilokwambia, umefunga mlango kwa miaka mengine. Na akikataa hata hivyo, utakuwa umejua kitu kuhusu yeye ambacho leo hukijui.

UkhtiFuoni
Na yeye ataahidi nini?

NasahaVuga
Swali zuri. Sina jawabu la kukuridhisha. Mmoja lazima awe wa kwanza kuweka silaha chini, na si haki kwamba kila mara ni yule aliyeumia zaidi.

CherehaniPemba
Nimerudi baada ya wiki mbili. Niwaambie kilichotokea.

Jumatano nilimwambia, kesho baada ya Isha, watoto wakilala, nataka tuzungumze habari ya karafuu za mwaka jana, na sitaki kesi. Akaniangalia kama nimemwambia kuna msiba. Alhamisi nikapika muhogo wa nazi, akala kimya. Watoto walipolala nikakaa upande mmoja naye, si mbele yake. Nikasema: "Magunia mawili niliyaacha makusudi. Nilikuwa na hasira, nikasema utayatandaza wewe. Hilo ni kosa langu." Nikanyamaza hapo. Wallahi ile "lakini" ilikuwa kwenye meno.

Akakaa kimya muda mrefu, nikasikia mpaka saa ya ukutani. Nikamuuliza: "Ulipoona mawingu Chake, ulifikiri nini?" Akasema: "Nilifikiri utaanua." Kimya tena. Halafu akasema: "Nilijua mtoto anaumwa. Nilijua huwezi." Akainuka akenda kulifunga banda la kuku, ambalo lilikuwa limeshafungwa.

Hakusema nisamehe.

YakheDarajani
Dada! Hiyo ndiyo yenyewe! Ulitaka nini zaidi?

UkhtiFuoni
Kakiri, sawa. Kuomba hajaomba. Ni mawili.

MnunajiMwenyewe
Mimi nimesoma pale pa banda la kuku nikafunga simu kidogo. Najua alikwenda kufanya nini.

CherehaniPemba
Na la juzi. Karafuu majamvi matano, siku ya pili. Saa sita mchana simu ikalia, safari hii ilikuwa mfukoni kwangu. Akasema: "Wingu linakuja upande wa Wete. Kaa na watoto, niko Mchangamdogo, nakuja." Akaja na abiria wake nyuma, akamshusha kwetu uwanjani, wakaanua wote wawili, yule mtu mwenyewe anacheka. Tone la kwanza lilianguka jamvi la mwisho likiwa mlangoni. Usiku akazitandaza ukumbini peke yake, nyumba nzima inanuka karafuu, hatuna pa kukanyaga.

Nilitaka kumwambia "ungefanya hivi mwaka jana". Nikaenda kuchemsha chai.

BiSomoJangombe
Na ya tangawizi?

CherehaniPemba
Ya tangawizi, Bi. Akasema imekaa sawa. Kaniambia mwenyewe, mtoto alikuwa kalala.

UkhtiFuoni
Nafurahi kwa ajili yako, kwa dhati. Lakini mwezi ujao mkigombana njoo utwambie, maana hapo ndipo nitakapoamini.